Depo yetu inabeba mifuko ngapi? Hesabu ya kufanya mbele ya mavuno

Kila mara musimu unapokaribia kuisha, swali moja linarudi katika mikutano ya koperative za huku Nyiragongo: depo yetu inabeba mifuko ngapi? Mtu mmoja anasimama anasema mia tano. Mwingine anasema hapana, inaweza hata elfu moja, maana nyumba ni kubwa. Mzee wa nyuma anasema mwaka ule tulijaza hadi mlango. Kisha komite inaandika namba moja katika kitabu, na wanamemba wanarudi nyumbani wakijua kila mmoja ataleta mifuko kiasi gani.

Shida inaanza siku ya kuleta. Depo inajaa wakati nusu ya wanamemba bado wako njiani. Mifuko inabaki inje chini ya shitingi, na mvua ya Kibati haingoji mtu. Au sivyo, wabebaji wanalazimisha: wanapandisha mifuko hadi chini ya mabati, wanaiegemeza kwenye ukuta, wanafunga njia yote. Siku hiyo kila mtu anafurahi. Mwezi unaofuata mifuko ya chini imepasuka, ya pembeni imelowa, na hakuna anayeweza kuifikia ile ya katikati kuona kama wadudu wameingia.

Makala hii inaonyesha namna ya kupata namba ya kweli. Tutachukua depo moja ya mfano, ya mbao na mabati kama zile tunazoziona kando ya barabara ya Goma–Rutshuru, na tutaihesabu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kinachohitajika ni metre ya fundi, kamba, kalamu, na mfuko uliojaa. Vipimo vyako vitakuwa vingine, lakini hatua ni zile zile.

HESABU INAYODANGANYA

Depo ya mfano iko na urefu wa metre 9, upana wa metre 6, na kuta za metre 3 kwenda juu. Tunataka kuweka ndani maharagi katika mifuko ya kilo 100.

Mtu aliyesoma shule kidogo atafanya hivi: 9 mara 6 mara 3, anapata metre za ujazo 162. Hiyo ndiyo nafasi yote ya ndani, kutoka sakafu hadi juu ya kuta. Kisha anapima mfuko wa maharagi uliolala: urefu sentimetre 90, upana sentimetre 60, unene sentimetre 25. Anazidisha, anapata metre za ujazo 0,135. Anagawanya 162 kwa 0,135 na jibu linatoka zuri kabisa, bila mabaki: mifuko 1200.

Hesabu hiyo haina kosa la kuzidisha wala la kugawanya. Lakini mifuko 1200 haitaingia katika depo hiyo hata siku moja. Hesabu imejaza nyumba kama vile mtu anavyojaza maji katika bidoni. Maharagi ndani ya mfuko hayaendi kujaza kona. Mfuko haukatwi nusu ili uingie katika nafasi iliyobaki. Na mtu anayebeba mfuko anahitaji pa kupita.

Kwa hiyo, volime ya nyumba inatusaidia kujua jambo moja tu: namba ambayo hatuwezi kuivuka. Kupata namba ya kweli tunashuka kutoka hapo kwa hatua nne.

HATUA YA KWANZA: PIMA MFUKO WAKO MWENYEWE

Usichukue kipimo cha mfuko kutoka kwa jirani. Mfuko wa kilo 100 wa maharagi na mfuko wa kilo 100 wa muhindi havina unene mmoja, kwa sababu muhindi ni mwepesi kuliko maharagi na unachukua nafasi zaidi. Vitabu vya ghala vinakadiria kwamba tone moja ya muhindi katika mifuko inachukua metre za ujazo karibu 1,8, wakati tone moja ya maharagi inachukua karibu 1,3. Hizo ni namba za kukuongoza tu. Namba ya kufanyia kazi inatoka kwako.

Fanya hivi. Jaza mifuko mitano kwa uzito unaoutumia siku zote, na uishone kama kawaida. Ilaze mmoja juu ya mwingine mahali palipo sawa, ibonyeze kidogo kwa miguu, uiache ilale usiku mmoja. Asubuhi pima kutoka chini hadi juu, katikati ya mfuko, ukigawanya kwa tano. Kama mitano imefika sentimetre 125, unene wa mfuko mmoja ni sentimetre 25.

Kwa nini mitano na si mmoja? Kwa sababu mfuko ulio peke yake unavimba tumboni kama mtu aliyeshiba. Ukibebeshwa mwingine, unakaa chini na unene unapungua. Ukipima mmoja tu unapata namba isiyokuwa ya rundo.

Pima pia urefu na upana wa mfuko uliolala katika rundo hilo. Kwa maharagi yetu tunabaki na 90 kwa 60 kwa 25.

HATUA YA PILI: ONDOA NAFASI AMBAYO SI YA MIFUKO

Sasa ingia ndani ya depo ikiwa tupu. Chukua chokaa au mkaa, uchore sakafuni.

Kwanza chora mstari metre 1 kutoka kila ukuta. Hapo katikati ya ukuta na mstari hakuna mfuko unaokaa. Wengi wanaona kwamba ni kupoteza nafasi bure. Lakini huku kwetu, karibu metre 1900 juu ya bahari, chini ya mlima Nyiragongo, baridi ya usiku na mvua vinalowesha mbao za ukuta, na mfuko unaogusa ukuta unavuta maji hayo. Tena ukuta wa mbao haukujengwa kushikilia mifuko. Rundo likiuegemea, mbao zinasukumwa inje na misumari inatoka. Na sababu ya tatu: mtunza depo lazima azunguke rundo lote, afagie, aone mavi ya panya na unga wa wadudu kabla havijawa vingi.

Pili, chora njia ya metre 1 kutoka mlangoni kukata depo katikati. Mbebaji mwenye mfuko begani anapita hapo, na marundo yanakuwa mawili. Marundo mawili yanasaidia pia kutoa kwanza maharagi yaliyoingia kwanza: rundo la kushoto la Januari, la kulia la Februari. Mkiwa na rundo moja, ya zamani inabaki chini, na mtaifikia siku mtakayouza mfuko wa mwisho.

Angalia sasa kilichobaki. Urefu ulikuwa metre 9. Toa 1 upande huu, 1 upande ule, na 1 ya njia: inabaki 6, ndiyo 3 kwa kila rundo. Upana ulikuwa metre 6. Toa 1 na 1: inabaki 4. Kila rundo liko na mahali pa metre 3 kwa 4.

HATUA YA TATU: PANGA TABAKA MOJA

Hapa ndipo watu wengi wanarudi tena kuzidisha na kugawanya. Tusifanye hivyo. Tupange mifuko, kwanza kwa chokaa sakafuni, kisha kwa mifuko yenyewe.

Mifuko ya rundo haiwekwi yote ikielekea upande mmoja. Ukifanya hivyo kila safu inasimama peke yake kama mti, na inaweza kuanguka peke yake. Mifuko lazima ifungane kama matofali ya ukuta. Kuna mpango wa mifuko mitano ambao wabebaji wengi wa maghala wanaujua. Unalaza mifuko mitatu bega kwa bega: 60 na 60 na 60, ni sentimetre 180. Mbele yake unalaza miwili kwa urefu, kichwa kwa kichwa: 90 na 90, nayo ni sentimetre 180. Pande zote zinalingana. Kutoka nyuma hadi mbele kuna 90 ya ile mitatu na 60 ya ile miwili, jumla sentimetre 150. Hilo tuliite fungu: mifuko 5 katika metre 1,80 kwa 1,50.

Tabaka la pili unaligeuza: pale palipokuwa na mitatu unaweka miwili, na pale palipokuwa na miwili unaweka mitatu. Hivyo kila mfuko wa juu unakanyaga kiungo cha mifuko ya chini, na kuishikilia. Midomo ya mifuko ya pembeni ielekee ndani, ili ikifunguka maharagi yasimwagike njiani.

Mafungu mangapi yanaingia katika metre 3 kwa 4? Katika ile metre 3 yanaingia mawili ya 1,50, bila kubaki kitu. Katika ile metre 4 yanaingia mawili ya 1,80, ni 3,60, na inabaki sentimetre 40. Je, tunaweza kuingiza mfuko mmoja zaidi katika sentimetre 40? Hapana, upana wa mfuko ni 60. Basi sentimetre 40 hizo zinagawanywa, 20 zinaongezwa kwenye nafasi ya kila ukuta.

Kwa hiyo kila rundo liko na mafungu 4, ndiyo mifuko 20 kwa tabaka moja. Marundo mawili ni mifuko 40 kwa tabaka.

Kuna mtu atasema: tukifuta njia ya katikati tutapata nafasi zaidi. Tujaribu. Bila njia, urefu unakuwa metre 7. Mafungu ya 1,50 yanaingia manne, ni metre 6, na metre 1 inabaki. Ni mafungu yale yale. Tungefunga njia na tusingepata hata fungu moja zaidi. Hii ndiyo faida ya kupanga kuliko kugawanya: mfuko unaingia mzima au hauingii.

HATUA YA NNE: TAFUTA MWISHO WA KWENDA JUU

Matabaka mangapi? Hapa kuna mipaka mitatu. Kila mmoja unatoa namba yake, na namba ndogo kuliko zote ndiyo inayoamua.

Mpaka wa kwanza ni mabati. Usiku mabati yanapoa, na hewa yenye unyevu inageuka maji chini yake. Asubuhi maji hayo yanadondoka. Mchana jua linayapasha moto na joto linashuka juu ya mifuko ya karibu. Kwa hiyo acha metre 1 kati ya mfuko wa juu na mwisho wa ukuta pale mabati yanapoanzia. Chini nako kuna palete ya mbao, maana mfuko hauwekwi juu ya udongo wala juu ya simenti. Palete yetu iko na sentimetre 15. Ukuta metre 3, toa 1, toa 0,15: inabaki metre 1,85. Gawanya kwa 0,25, unapata 7 na kitu. Hicho kitu kinatupwa. Ni matabaka 7.

Mpaka wa pili ni mbebaji. Matabaka 7 juu ya palete yanafika metre 1,90, juu ya kichwa cha watu wengi. Kuweka mfuko wa kilo 100 pale kunataka watu wawili na ngazi ya mifuko iliyopangwa pembeni. Inawezekana, lakini ndiyo mwisho. Kama kazi ya depo inafanywa na akina mama na vijana wachache, andikeni 5 au 6, na msione haya. Mfuko ukimteleza mtu mikononi juu ya kichwa, hesabu ya depo itakuwa kitu kidogo siku hiyo.

Mpaka wa tatu ni mfuko wa chini. Katika matabaka 7, mfuko wa chini unabeba mingine sita, ndiyo kilo 600. Mfuko mpya wa plastiki iliyofumwa unavumilia. Ule ulioshonwa mara tatu, au ulioachwa juani miezi mingi hadi nyuzi zikakauka, utapasuka. Tena mifuko ya plastiki inateleza kuliko ile ya gunia la katani, kwa hiyo rundo lake linahitaji kufungwa vizuri kwa ule mpango wa mitano. Mifuko ya zamani ikiwa mingi, pandisha matabaka 4 au 5 tu, au weka ile mizuri chini na ya zamani juu.

Katika depo yetu tuseme mifuko ni mipya na wabebaji wako na nguvu. Basi mabati ndiyo yanayoamua: matabaka 7.

NAMBA YA KWELI

Mifuko 40 kwa tabaka, mara matabaka 7: mifuko 280.

Tulianza na 1200, tumefika 280. Haifiki hata robo. Mtu asikimbie kusema kwamba tumeonea depo. Vipimo vyote viko sakafuni, na kila anayependa anaweza kuchukua metre akaenda kuhakikisha.

Angalieni namba hiyo inamaanisha nini kwa wanamemba. Tuseme koperative iko na watu 56. Kwa mifuko 280, kila mmoja ana haki ya mifuko 5. Kama komite ingefuata ile 1200, ingewaahidi mifuko 21 kila mmoja. Mwanamemba aliyeahidiwa 21 hatauza mapema. Anangoja. Siku ya kuleta anakuta mlango umefungwa, na mnunuzi wa barabarani naye anaona mifuko iko inje na mvua inakuja. Bei atakayotaja siku hiyo kila mtu anaijua.

Na huku Kibati, mifuko inaweza kukaa ndani muda mrefu kuliko tulivyopanga. Tarehe 22 Mei 2021, lava ya Nyiragongo ilishuka na kukata barabara ya Goma–Rutshuru. Mwaka 2008 vita vilileta hapa Kibati maelfu ya wakimbizi, na njia ya sokoni ikawa ya watu wenye magodoro kichwani. Siku kama hizo hakuna anayekuja kupunguza rundo. Depo iliyojazwa kwa kuamini kwamba nusu itauzwa wiki ijayo, inabaki hivyo hivyo. Kwa hiyo hesabu ya depo ifanywe kwa maharagi yanayokaa, si kwa yanayopita.

TUKITAKA KUONGEZA?

Swali hilo litaulizwa, na ni la haki. Tuone ni wapi panaweza kutolewa kitu.

Tukipunguza nafasi za ukuta, mambo yanabadilika. Mafungu tukiyageuza, kila rundo linaweza kuwa metre 3,60 kwa 4,50, lenye mafungu 6, ndiyo mifuko 30 kwa tabaka. Marundo mawili kwa matabaka 7 ni mifuko 420. Lakini tuhesabu kilichobaki. Katika urefu wa metre 9, marundo yamechukua 7,20. Njia ya katikati inachukua 1. Inabaki sentimetre 80 tu, ndiyo 40 kila mwisho. Mtu mzima hapiti katika sentimetre 40 akiwa na ufagio na taa. Upande huo wa rundo hautaonekana tena hadi siku ya kuuza. Panya wanajua hivyo mapema kuliko sisi.

Komite inaweza kukubali namba kubwa kwa wiki mbili, kama mnunuzi ameshasaini na kamyo iko na tarehe. Lakini iandike katika kitabu kwamba ni ya wiki mbili. Kwa stoki ya miezi mitatu, rudini kwenye 280.

Kuongeza matabaka ndiyo njia mbaya kuliko zote. Kila tabaka linaleta mifuko 40, na hilo linavutia. Lakini linapunguza hewa chini ya mabati, linaongeza uzito kwa mfuko wa chini, na linampandisha mbebaji. Na tusisahau sakafu. Rundo letu moja la mifuko 140 ni tone 14, zimekaa juu ya metre mraba karibu 11. Ni kilo karibu 1300 kwa kila metre mraba. Juu ya simenti iliyomiminwa kwenye mawe ya lava, hakuna shida. Juu ya sakafu ya mbao iliyosimama kwenye miguu, usithubutu bila fundi kuangalia chini kwanza.

MUHINDI SI MAHARAGI

Depo ile ile, mifuko ya kilo 100 ile ile, lakini sasa ni muhindi. Tumepima mifuko mitano, tumepata unene wa sentimetre 33 kwa mfuko. Tabaka linabaki na mifuko 40. Kwenda juu tuna metre 1,85, tugawanye kwa 0,33: tunapata 5 na nusu hivi. Ni matabaka 5. Jumla mifuko 200.

Kwa hiyo, msiandike namba moja juu ya mlango. Andikeni moja ya maharagi na moja ya muhindi. Kama vyote viwili vinaingia, rundo la kushoto maharagi mifuko 140, rundo la kulia muhindi mifuko 100, jumla 240. Viazi navyo msivihesabu kwa njia hii. Viazi vinapumua na kutoa joto, na vikirundikwa kama maharagi vinaoza.

RAFU ZA VITU VIDOGO

Koperative nyingi ziko na chumba kidogo cha pembeni cha mbegu za mboga na vyombo. Huko rafu ndiyo inayohesabiwa, na kosa linakuwa katika urefu kati ya ubao na ubao.

Tuseme rafu iko na urefu wa metre 2 na kina cha sentimetre 40. Ubao wa kwanza uko sentimetre 20 juu ya sakafu, na rafu inapanda hadi metre 2. Karto za mbegu ziko na sentimetre 40 kwa 30, na 25 kwenda juu. Katika ubao mmoja zinaingia karto 6, zikipangwa upande wa 30 mbele.

Fundi ameacha sentimetre 40 kati ya mbao. Karto ya 25 inaingia moja, na juu yake zinabaki sentimetre 15 za hewa. Ya pili haiingii. Ukihesabu na unene wa ubao, sentimetre 3, kunatoka ngazi 4, ndiyo karto 24. Mwambie fundi aache sentimetre 30 badala ya 40. Karto inaingia, mkono nao unapata sentimetre 5 za kuishika. Sasa kunatoka ngazi 5, ndiyo karto 30, kwa mbao na misumari karibu ile ile.

Juu ya karto nyingi kuna picha ya masanduku yaliyopandishwa na namba pembeni. Namba hiyo ni mwisho wa kupandisha. Ukiwa na mashaka kama karto ya chini inahesabiwa au la, ihesabu, utakuwa salama. Dawa za mashamba zisikae kwenye rafu hiyo wala katika chumba cha chakula. Ziwe na mahali pake, na kufuli lake.

DALILI KWAMBA MMEPITISHA

Hesabu ikiisha, rundo lenyewe linaendelea kusema. Mtunza depo afanye mambo matatu kila wiki. Afunge jiwe dogo kwenye kamba, ainamishe kutoka mfuko wa juu wa kila kona, aone kama kamba inalingana na mfuko wa chini. Kama mfuko wa juu umetoka inje upana wa mkono, rundo limeanza kuinama, lishushwe mara moja. Aangalie sakafuni kando ya palete: punje zilizomwagika mahali pamoja zinaonyesha mfuko wa chini umeachia. Na aingize mkono kati ya mifuko: kama katikati kuna joto kuliko inje, unyevu au wadudu wako kazini, na rundo lazima lifunguliwe.

Kisha kwenye mlango, upande wa ndani, ibandikwe karatasi ambayo kila mwanamemba anaweza kuisoma. Kwa depo yetu ya mfano ingekuwa hivi:

Marundo: 2
Mifuko kwa kila tabaka la rundo moja: 20
Maharagi: matabaka 7, jumla mifuko 280
Muhindi: matabaka 5, jumla mifuko 200
Nafasi ya ukuta: metre 1
Tarehe ya kupima, na majina ya watatu waliopima

Watatu hao wasiwe wa komite peke yao. Mmoja awe mbebaji, kwa sababu yeye ndiye anayejua mfuko wa saba unafika wapi. Kazi hiyo inachukua nusu siku, depo ikiwa tupu. Ifanyeni mbele ya kugawa haki za kuleta, maana mifuko ikishaanza kuingia hakuna atakayekubali wa kwake urudi nyumbani.